Mbembeo wa Rabi umeongeza kasi lakini umepoteza kina: tatizo liko wapi?

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekaa mbele ya skrini, anaona mbembeo wa Rabi, yaani kwenda na kurudi kwa spini kati ya hali mbili inaposukumwa na mikrowevu, lakini mbembeo wenyewe haufanani na ule wa jana. Pengine umekuwa mfupi, pengine umeharakisha, pengine unakufa mapema. Mambo hayo yana visababishi vingi, ila kimoja kati yake, mkengeuko wa masafa, yaani mikrowevu kuwa pembeni ya masafa ambayo spini inayaitikia, huacha alama ambayo hakuna kisababishi kingine kinachoiacha. Ukiijua alama hiyo utaokoa muda mwingi wa kufungua na kufunga nyaya zisizo na kosa.

Nitatumia mfumo mmoja tu, kasoro ya NV ndani ya almasi. Ni atomu ya naitrojeni iliyokaa jirani na nafasi tupu ambayo atomu ya kaboni ilipaswa kuwepo. Nimeuchagua kwa sababu unafanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba, juu ya meza, bila jokofu la heliamu. Spini ya elektroni za kasoro hii ina hali tatu: 0, −1 na +1. Bila uga wa sumaku, hali ya 0 iko chini ya zile mbili kwa 2,870 MHz. Ukiweka sumaku iliyoelekezwa sawa na mhimili wa kasoro, hali ya −1 hushuka kwa takriban 28 MHz kwa kila militesla moja, na +1 hupanda kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo kwenye militesla 51, umbali kati ya 0 na −1 ni kama 1,440 MHz, na +1 iko mbali kiasi kwamba mikrowevu zako haziigusi. Hapo una mfumo wa hali mbili.

Kipimo chenyewe huenda hivi. Leza ya kijani ya nanomita 532 inawaka kwa mikrosekunde chache na kuipeleka spini kwenye hali ya 0. Unasubiri kama mikrosekunde moja. Kisha unatuma mpigo wa mikrowevu wa muda t, halafu unawasha leza tena na kuhesabu fotoni nyekundu katika nanosekunde 300 hivi za mwanzo. Hali ya 0 hung'aa zaidi kuliko −1. Unarudia kwa t fupi, t ndefu, t ndefu zaidi, na mwanga unapanda na kushuka. Huo ndio mbembeo.

Namba mbili za kusoma kabla ya kugusa chochote

Kila mbembeo una kasi na kina. Kasi ni idadi ya mizunguko kamili katika mikrosekunde moja, nayo ndiyo MHz. Kina ni sehemu ya njia ambayo spini inaifikia: kama inatoka 0 hadi −1 yote na kurudi, kina ni 1, kama inafika nusu tu kisha inarudi, kina ni 0.5. Watu wengi husoma namba moja kati ya hizi na kuanza kutengeneza. Zisome zote mbili pamoja.

Isidor Rabi aliandika hesabu ya jambo hili mwaka 1937 alipokuwa akishughulikia spini ndani ya uga wa sumaku unaozunguka. Kwa maandishi ya leo, mikrowevu zikiwa zimelingana kabisa na masafa asilia ya mfumo, yaani ule umbali kati ya 0 na −1, kasi ya mbembeo ni f_R. Hii ndiyo kasi ya Rabi, na inategemea nguvu ya mikrowevu peke yake. Mikrowevu zikiwa pembeni ya masafa asilia kwa kiasi d, ambacho ndicho mkengeuko, kasi na kina hubadilika hivi:

```
f    = sqrt(f_R^2 + d^2)
kina = f_R^2 / (f_R^2 + d^2)
P(t) = kina * sin^2(pi * f * t)
```

Fikiria hali ya spini kama mshale ndani ya tufe: juu ni 0, chini ni −1. Mikrowevu zilizolingana huuzungusha mshale kwa mhimili uliolala, hivyo mshale hutoka juu kabisa, hupita chini kabisa na kurudi. Mkengeuko huongeza mzunguko wa pili, wenye mhimili uliosimama wima. Mizunguko hiyo miwili huungana kuwa mmoja wenye mhimili ulioinama. Mshale unaoanzia juu sasa huchora duara dogo ambalo haliwezi kufika chini, na kwa sababu mizunguko miwili imejumlishwa kwa pembe mraba, kasi ya jumla ni kubwa kuliko ya kila mmoja. Ndiyo maana mkengeuko hauwezi kupunguza kasi. Huongeza kasi na kupunguza kina, na hufanya yote mawili kwa mpigo mmoja.

Sasa zidisha kina kwa mraba wa kasi. Mkengeuko unafutika kabisa na kubaki f_R². Huu ndio mtihani ninaouamini kuliko mingine yote: kina × kasi² haibadiliki kama tatizo ni mkengeuko peke yake. Kama jana ulikuwa na kasi ya 5 MHz na kina cha 1, zao ni 25. Kama leo una kasi ya 7.07 na kina cha 0.5, zao ni 25 tena. Nguvu ya mikrowevu haijabadilika hata kidogo, ila masafa yameachana kwa 5 MHz.

Dalili: kasi imepanda, kina kimeshuka

Chukua kisa kamili. Jumatatu mchana mfumo uliwekwa sawa kwenye militesla 51 na mbembeo ulikuwa wa 4.96 MHz, kina kamili. Jumanne asubuhi, bila mtu kugusa kitu, kasi ni 6.4 MHz na kina ni 0.6. Zao la leo ni 0.6 × 40.96, yaani 24.6. Zao la jana ni 4.96², nalo ni 24.6. Amplifaya, nyaya na uzi mwembamba wa shaba uliolazwa juu ya almasi viko salama. Usiviguse.

Mkengeuko unapatikana kwa kutoa: 40.96 − 24.6 = 16.4, na kipeuo chake cha pili ni karibu 4.05 MHz. Hiki ni kiasi kikubwa. Mpigo wa kupindua uliopangwa jana wa nanosekunde 101 sasa unapindua karibu nusu tu ya spini, na kila kipimo kinachoutegemea mpigo huo kimeharibika pamoja nao.

Imetoka wapi 4 MHz? Kwenye uga huu, mshukiwa wa kwanza ni sumaku. Sumaku za neodimiamu hupoteza takriban asilimia 0.11 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Mchango wa uga kwenye masafa ni 28 × 51, kama 1,430 MHz, na asilimia 0.11 ya hiyo ni 1.6 MHz. Kwa hiyo chumba kikipata joto la nyuzi mbili na nusu, kwa mfano kiyoyozi kimezimwa usiku, unapata 4 MHz bila msaada wa mtu yeyote. Almasi yenyewe nayo huhama kwa joto, ile 2,870 hushuka kwa takriban 0.074 MHz kwa nyuzi moja, lakini mbele ya sumaku hicho ni kiasi kidogo sana.

Ndiyo sababu ukifanya kazi kwenye uga mdogo, tuseme militesla 5, hutalijua tatizo hili kwa ukali huo. Badiliko lile lile la nyuzi moja linakupa 0.15 MHz tu, na mbembeo wa 5 MHz hauonyeshi tofauti yoyote machoni. Mtu anayehamia kwenye uga wa militesla 51 kwa sababu zake nzuri, nitazitaja mbele, anachukua pia mzigo wa kulinda joto la sumaku.

Unajua ukubwa, hujui upande

Angalia tena hesabu: d inaingia kwa mraba. Mbembeo ulio juu ya masafa asilia kwa 4 MHz na ulio chini kwa 4 MHz ni kitu kimoja kabisa kwenye skrini. Hakuna ujanja wa kuulinganisha mchoro mmoja na hesabu utakaokwambia usogeze masafa ya jenereta ya mikrowevu juu au chini, na programu ya kulinganisha itakupa alama ya kujumlisha au kutoa kulingana na mahali ulipoianzishia.

Dawa ni kusogeza jenereta 1 MHz na kupima tena. Ukisogea kuelekea masafa asilia, mkengeuko unabaki 3.05 na kasi inashuka hadi karibu 5.8 MHz. Ukisogea kuyakimbia, unakuwa 5.05 na kasi inapanda hadi karibu 7.1. Tofauti ya 5.8 na 7.1 huwezi kuikosa hata kwa kipimo chenye kelele.

Katika kisa chetu fizikia inatoa dokezo mapema. Sumaku imepata joto, uga umepungua, na hali ya −1 haikushushwa sana kama jana, hivyo umbali wake na 0 umeongezeka. Jenereta imebaki chini ya masafa asilia, na ndiyo inapaswa kupandishwa kwa 4 MHz. Kama unatumia hali ya +1, mambo hugeuka: uga ukipungua, masafa asilia hushuka. Hata hivyo pima pande zote mbili. Kishikilia sumaku kinachotanuka kinaweza kuisogeza karibu na almasi na kugeuza hesabu yako.

Wakati kuna muda wa kutosha, njia iliyo safi zaidi ni kupima mbembeo mzima kwa masafa mengi ya jenereta, moja baada ya jingine, na kuchora picha yenye muda kwenye mhimili mmoja na masafa kwenye mwingine. Utaona mistari iliyopinda kama herufi V zilizopangana. Kitovu chake, pale ambapo mbembeo ni wa polepole kuliko kote na wa kina kuliko kote, ndiyo masafa asilia. Usitafute kitovu kwa kina peke yake, kwa sababu kilele cha kina ni butu: kwa f_R ya 5 MHz, mkengeuko wa 0.5 MHz unapunguza kina kwa asilimia 1 tu. Tumia ulinganifu wa pande mbili. Mistari ya kushoto na ya kulia ikifanana, kitovu kiko katikati yake.

Dalili: kina kimeshuka, kasi ni ile ile

Huu si mkengeuko. Hauwezi kuwa. Kina kikishuka hadi 0.6 kwa sababu ya mkengeuko, kasi lazima ipande kwa asilimia 29, na hilo huwezi kulipitisha bila kuliona.

Tafuta upande wa leza na wa kuhesabu fotoni. Dirisha la kuhesabu likichelewa kwa nanosekunde mia kadhaa, unahesabu mwanga baada ya leza kuwa tayari imezirudisha spini kwenye 0, na tofauti ya mwanga inakwisha. Leza isiyozimika vizuri ni mbaya zaidi, kwa sababu mwanga kidogo unaovuja wakati wa mpigo wa mikrowevu unairudisha spini kwenye 0 ikiwa katikati ya safari. Namna ya kutofautisha ni kuangalia mwisho wa mchoro: dirisha lililokosea hupunguza mbembeo wote kwa kipimo kimoja toka mwanzo hadi mwisho, ilhali mwanga unaovuja huacha mizunguko ya mwanzo ikiwa mizuri na kuimaliza ile ya baadaye. Kwa uga wa militesla 51, angalia pia mwelekeo wa sumaku. Ikiinama mbali na mhimili wa kasoro, hali zinachanganyika na mwanga wote hupungua, pamoja na tofauti kati ya 0 na −1.

Dalili: kasi imeshuka, kina ni kizima

Nguvu ya mikrowevu imepungua. Kasi ya Rabi hufuata kipeuo cha pili cha nguvu, kwa hiyo kushuka kutoka 5 hadi 3.5 MHz ni kupoteza nusu ya nguvu, desibeli 3. Kaza viungio, kagua kebo, angalia kama uzi juu ya almasi umesogea. Jambo ni hilo tu.

Kasi ikishuka *na* kina kikashuka, una matatizo mawili, na hapa ndipo zao linapoonyesha thamani yake. Tuseme umetoka kwenye 5 MHz na kina 1, ukafika 3.9 MHz na kina 0.41. Zao ni kama 6.2, kwa hiyo f_R sasa ni 2.5 MHz: nguvu imeshuka hadi robo. Mkengeuko uliobaki ni kipeuo cha pili cha 15.2 − 6.2, karibu 3 MHz. Ukisogeza jenereta tu, kina kitarudi na kasi itazidi kushuka, nawe utadhani umeharibu zaidi. Umerekebisha tatizo moja, na la pili limebaki wazi.

Huna uhakika na kina? Tumia nguvu

Mtihani wa zao una udhaifu wake: unahitaji kujua kina halisi, yaani ujue mwanga wa hali ya 0 kamili na wa hali ya −1 kamili. Mwanga wa 0 ni rahisi, pima bila mikrowevu. Mwanga wa −1 kwa kawaida hupimwa kwa kutuma mpigo wa kupindua, na mpigo huo ukiwa umekengeuka, kipimo chenyewe cha kulinganishia kimeharibika. Matokeo yake kila kitu kinaonekana kuwa na kina kamili. Nimeona watu wakilizunguka kosa hili kwa muda mrefu, kwa sababu namba zao zote zilikuwa zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe.

Kuna mtihani unaotumia kasi pekee. Mraba wa kasi ni f_R² kujumlisha d². Sehemu ya kwanza inakua sambamba na nguvu ya mikrowevu, na ya pili haiijui nguvu kabisa. Kwa hiyo pima kasi kwa nguvu tatu au nne, chora mraba wa kasi dhidi ya nguvu, na utapata mstari ulionyooka. Pale unapokata mhimili wa wima, kwenye nguvu sifuri, ndipo ilipo d².

Kwa kisa chetu cha Jumanne, nguvu ya kawaida ilitoa 6.4 MHz. Ukiongeza desibeli 3 unapata 8.1, na ukiongeza 3 nyingine unapata 10.7. Miraba yake ni takriban 41, 65.6 na 114.8, kwa nguvu za 1, 2 na 4. Kutoka 1 hadi 2 mraba umeongezeka 24.6, kutoka 2 hadi 4 umeongezeka 49.2, mara mbili yake. Mstari umenyooka, na ukiurudisha nyuma hadi sifuri unafika 16.4. Ni mkengeuko ule ule wa 4.05 MHz, na safari hii hujategemea kuhesabu kina hata mara moja.

Mtihani huu pia unakupa onyo la haraka. Ukiongeza desibeli 6, kasi inapaswa kuongezeka maradufu kamili. Ikitoka 6.4 na kuishia 10.7 badala ya 12.8, ama una mkengeuko ama amplifaya imefika kikomo chake. Mstari hukutenganishia hayo mawili: mkengeuko huuinua mstari mzima bila kuupinda, na amplifaya iliyochoka huupinda kuelekea chini upande wa nguvu kubwa. Kwa hiyo anza na nguvu ndogo, si kubwa.

Mtu anaweza kufikiri kwamba itatosha kutazama mwanzo wa mbembeo, nanosekunde chache za kwanza. Haitasaidia. Mwanzoni kabisa, mteremko unategemea f_R pekee. Kwa f_R ya 5 MHz, baada ya nanosekunde 20 spini iliyolingana imepinduka kwa asilimia 9.5, na iliyokengeuka kwa 5 MHz imepinduka kwa asilimia 9.2. Mkengeuko huonekana baadaye, pale spini inapogeuka kurudi kabla ya wakati. Mpigo mfupi sana mara nyingi utakwambia kila kitu kiko sawa wakati hakiko sawa.

Dalili: mbembeo unakufa mapema

Hapa mkengeuko hujificha, kwa sababu si mmoja ila ni mingi kwa pamoja. Kiini cha naitrojeni-14 kina spini yake, na kinaweza kukaa katika hali tatu. Kila hali husogeza masafa asilia ya elektroni, na matokeo ni masafa matatu yaliyopishana kwa 2.16 MHz. Kwenye uga mdogo, kila kipimo kinakutana na kiini katika mojawapo ya hali hizo kwa bahati, theluthi moja kila moja. Ukiiweka jenereta kwenye masafa ya katikati, theluthi ya vipimo haina mkengeuko, na theluthi mbili zina mkengeuko wa 2.16 MHz, juu au chini.

Kwa f_R ya 5 MHz, kundi la kwanza linabembea kwa 5 MHz na kina 1, na kundi la pili kwa 5.45 MHz na kina 0.84. Mwanzoni yanakwenda pamoja. Baada ya mikrosekunde 1.1 hivi yamepishana nusu mzunguko na yanafutana, mbembeo unabaki karibu robo ya ukubwa wake, na mtu anaandika kwamba spini imepoteza kumbukumbu ndani ya mikrosekunde moja. Angeendelea kupima hadi mikrosekunde 2.2 angeuona ukifufuka. Kwa hiyo jambo la kwanza: mbembeo ukionekana umekufa, ongeza muda wa kipimo maradufu kabla ya kuamini kifo hicho.

Jambo la pili ni kuongeza nguvu. Kwa f_R ya 10 MHz, makundi yanabembea kwa 10 na 10.23 MHz, tofauti imekuwa nusu, na mahali pa kufutana panasogea hadi karibu mikrosekunde 2.2. Nguvu zaidi, uhai mrefu zaidi. Linganisha na kisababishi kingine cha kawaida, nguvu ya mikrowevu isiyo tulivu au isiyo sawa kwa kasoro zote zilizo kwenye almasi. Hapo mbembeo hudumu kwa idadi ile ile ya mizunguko, kwa hiyo ukiongeza f_R maradufu unakufa katika *nusu* ya muda. Majibu ya visababishi hivi viwili yanakwenda pande tofauti, nayo hupatikana kwa kipimo kimoja cha ziada.

Ukitaka kuiondoa mikengeuko hii kabisa, ndipo ile militesla 51 inapokuja. Karibu na uga huo hali mbili za elektroni iliyosisimuliwa na leza zinakaribiana, na leza ileile inayoitayarisha elektroni hukitayarisha pia kiini, kikakaa karibu wakati wote katika hali moja. Masafa matatu hugeuka kuwa moja. Mbembeo unakuwa safi, na gharama yake ni ile sumaku inayohama kwa joto.

Na sumaku hiyo huleta kifo cha aina nyingine, kinachotokea unapojumlisha vipimo vya usiku kucha. Tuseme masafa asilia yamehama 1 MHz kati ya saa nne usiku na alfajiri. Kasi imehama kidogo tu, kutoka 5 hadi 5.1, lakini baada ya mikrosekunde 5 tofauti hiyo imefika nusu mzunguko, na vipimo vya usiku vinafuta vya alfajiri. Mikrosekunde ya kwanza inaonekana nzuri, mkia umekufa. Hili huwezi kuligundua ukihifadhi jumla tu. Hifadhi kila mzunguko wa vipimo peke yake, kisha linganisha mkia wa mzunguko wa kwanza na wa mwisho. Kila mmoja ukiwa hai na jumla ikiwa imekufa, masafa yanahama. Weka kipimo kifupi cha kutafuta masafa asilia kila baada ya dakika kumi au ishirini na isogeze jenereta ifuate.

Dalili: mchoro ni mzuri, lakini namba hazilingani na hesabu

Kabla ya kulaumu vifaa, angalia mahali 2π ilipo. Hesabu za vitabuni huandika kasi kwa radiani, ilhali jenereta na skrini hutumia mizunguko. Ukichanganya f_R ya radiani na mkengeuko wa MHz, kila mkengeuko utaonekana mdogo mara sita na zaidi kuliko ulivyo. Kuna kipimo cha haraka: mkengeuko ukilingana na kasi ya Rabi, kina lazima kiwe nusu. Kama f_R ni 5 MHz na picha yako ya V inafika nusu ya kina ukisogea 5 MHz kutoka kitovu, vipimo vyako vinaongea lugha moja. Kama programu inatabiri nusu hiyo kwenye 31 MHz, 2π imepotea.

```python
import numpy as np

def uwezekano(t, f_rabi, mkengeuko):
    # t kwa mikrosekunde, mengine yote kwa MHz
    f = np.sqrt(f_rabi**2 + mkengeuko**2)
    kina = (f_rabi / f)**2
    return kina * np.sin(np.pi * f * t)**2
```

Ukitumia `uwezekano` kulinganisha na data, usiiache programu itafute kina kama namba huru pembeni ya f_rabi na mkengeuko. Ikipewa uhuru huo itaona kasi ya 6.4 na kina cha 0.6, kisha iseme mkengeuko ni sifuri, kasi ya Rabi ni 6.4 na kigunduzi chako ni kibovu, na mchoro wake utapita juu ya nukta zako zote. Funga kina kwa kipimo cha mwanga wa 0 na wa −1 ulichokifanya siku mfumo ulipokuwa umelingana, au linganisha michoro ya masafa mawili ya jenereta kwa pamoja, f_rabi ikiwa moja kwa yote mawili na mkengeuko wa pili ukiwa ule wa kwanza kujumlisha hatua uliyosogeza. Kwa njia hiyo ya pili unapata na alama ya upande pia.